Kuomba kulipa ada kwa awamu, kwa Kiswahili cha ofisi

*Shikamoo mzee. Mimi ni mama wa mwalo wa Katonga, Kigoma, nanunua dagaa wabichi na kuanika. Mwanangu yuko mwaka wa pili chuo cha serikali Tabora. Ada ni 1,200,000 kwa mwaka, nililipa 400,000 mwezi wa kumi, na sasa nina 100,000 mkononi. Mtihani wa muhula wa kwanza wamemruhusu, ila wametangaza asiyemaliza ada hafanyi wa muhula wa pili, unaoanza tarehe 13 Julai. Niliandika hivi: "Mkuu naomba unisaidie nilipe kidogo kidogo maana hali ni ngumu, baba yake alifariki, nitajitahidi nimalize, Mungu atakulipa." Barua imerudi, mtoto kaambiwa mama yako aandike kiofisi. Mimi nimekulia Kiha, Kiswahili changu ni cha mwaloni. Kiofisi ndiyo nini? Giza zuri naweka pembeni 300,000, giza baya 200,000.*

Marahaba, mama. Kabla ya kustaafu na kurudi nyumbani Ujiji nilikaa kwenye dawati la uhasibu vyuoni zaidi ya miaka ishirini, na barua kama yako zilipita mikononi mwangu kila muhula. Nyingi tulizirudisha. Kiswahili cha wazazi wengi walioziandika hakikuwa na kosa, na hata chako hakina kosa. Tulizirudisha kwa sababu zikifika mezani, hakuna aliyejua aandike nini juu yake.

Fuatana na barua yako ndani ya chuo uone. Inapokelewa masijala, inagongwa muhuri, inaingizwa kwenye jalada na kupelekwa kwa Mkuu wa Chuo. Mkuu haamui hapo hapo. Anaandika pembeni maneno machache, mara nyingi "Mhasibu, tafadhali nishauri", na jalada linashuka uhasibu. Mhasibu anataka kufungua akaunti ya mwanafunzi, aone kalipa nini, kisha amjibu Mkuu kwa sentensi mbili tatu. Sasa barua yako haina jina la mtoto wala namba yake ya usajili. Haisemi amelipa kiasi gani, amebakiza kiasi gani, wala tarehe hata moja. Mhasibu atamshauri nini Mkuu? Atamwambia tu kwamba mzazi ana shida, na Mkuu hilo analijua tayari, maana nusu ya wazazi wa chuo kile wana shida.

Kwa hiyo "kiofisi" usiione kama maneno makubwa. Ni kumwandikia mtu ambaye hakujui, hatakuona, na ambaye lazima ahamishe maneno yako kwenye daftari lake. Kwetu Buha huwezi kuingia nyumba ya mtu ukaanza na shida yako. Unasalimia, unauliza watoto, ng'ombe na mashamba, na shida yenyewe unaigusa wakati wa kuaga. Ofisi inaenda kinyume kabisa. Shida inaandikwa juu, kwa herufi kubwa, kabla hata hujajitambulisha, na hakuna anayekuona huna adabu.

Kabla hujagusa kalamu, kuna kazi mbili.

Ya kwanza, lipa hiyo laki moja uliyonayo. Usiishike ukisubiri jibu. Barua inayosema "nimelipa 500,000, nimebakiza 700,000" inasomwa na mhasibu kwa jicho jingine kuliko ile ya 400,000 iliyolala tangu Oktoba. Anachotafuta kwenye akaunti ni dalili kwamba mlipaji yupo na anatembea. Malipo ya wiki hii yanamwonyesha hilo kuliko aya nzima ya maelezo.

Hapo ndipo wazazi wengi hukwama. Vyuo vya serikali havipokei fedha mkononi. Vinatoa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ya tarakimu kumi na mbili inayoanza na 99, ambayo watu huiita kontroli namba. Namba hiyo hutolewa kwa ankara fulani. Nyingine zimewekwa zipokee kiasi kamili tu, kwa hiyo kama ankara ya mwanao ni 800,000 na wewe unaingiza 100,000, mtandao unakataa, nawe unadhani simu imeharibika au wakala hana salio. Nyingine zinapokea malipo ya sehemu. Tena kila namba ina tarehe yake ya mwisho, ikipita haifanyi kazi. Mwanao aende uhasibu aombe namba ya shilingi 100,000, au inayopokea sehemu. Hiyo ni kazi ya siku moja na haihitaji barua. Ukishalipa, tunza ujumbe wa simu au karatasi ya wakala, na mwanao achukue stakabadhi ya chuo. Na mtu yeyote akikuambia utume ada kwenye namba yake ya simu ili "akusaidie kuingiza", achana naye, hata akiwa amevaa kitambulisho cha chuo.

Kazi ya pili ni kusoma upya ile fomu ya maelekezo ya kujiunga aliyokuja nayo mtoto. Vyuo vingi huandika humo kwamba ada inalipwa kwa awamu mbili, sehemu kubwa mwanzo wa mwaka na iliyobaki mwanzo wa muhula wa pili. Kama yenu imeandikwa hivyo, awamu unayo tayari, na unachokiomba hasa ni tarehe nyingine na idadi nyingine ya awamu. Angalia pia kama ndani ya hiyo 1,200,000 kuna bima ya afya, kitambulisho au michango inayopelekwa nje ya chuo. Fedha za namna hiyo Mkuu hana uwezo wa kuzichelewesha, kwa sababu si zake. Zikiwemo na hazijalipwa, zitaje kwamba zitatoka kwenye awamu ya kwanza. Kwa hesabu nitakayoifanya hapa nachukulia kwamba zilishatoka kwenye ile 400,000 ya Oktoba, kama ilivyo kawaida.

Sasa tarehe. Hapa ndipo barua inashinda au inashindwa, nami nitakaa hapa kidogo.

Wazazi wengi hupanga tarehe za kuipendeza ofisi: tarehe 1 ya kila mwezi, au mwisho wa mwezi kama watumishi wanaopokea mshahara. Wewe hupokei mshahara. Fedha yako inafuata mwezi wa angani. Wavuvi wanaingia ziwani usiku wa giza ili taa zivute dagaa, na mwezi ukikaribia kupevuka mitumbwi inapumzika. Ukiahidi kulipa wakati wa mbalamwezi, au giza linapoanza tu wakati mtaji wako wote uko kwenye dagaa wabichi, utashindwa. Uzito wa fedha yako uko mwisho wa giza, umeshaanika, umeshauza, mtaji umerudi mkononi na kilichozidi kinaonekana.

Mwaka huu wa 2026 usiku usio na mwezi kabisa unaangukia tarehe 17 Februari, 19 Machi na 17 Aprili, na mwezi unapevuka tarehe 3 Machi, 2 Aprili na 1 Mei. Siku zako nzuri za kulipa ni zile chache kabla ya mwezi kupevuka. Nimechagua tatu ambazo ni siku za kazi: Ijumaa tarehe 27 Februari, Jumatatu tarehe 30 Machi na Jumatatu tarehe 27 Aprili.

Kwa nini nisiendelee hadi giza la Mei na la Juni? Kwa sababu ya kufungwa ziwa. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, na wewe uliyekuwa mwaloni unajua kuliko mimi kilichotokea. Panga kana kwamba utasimamishwa tena. Giza la Mei mwaka huu kilele chake ni tarehe 16, maana yake zuio likianza tarehe 15 linalikata katikati. Usiweke ahadi juu ya giza ambalo huenda usilione. Na mtihani wenu wa tarehe 13 Julai unaangukia ndani ya miezi hiyo mitatu. Mzazi asiyeliangalia hili ataahidi "nitamaliza Juni" kwa fedha ya uvuvi, na Juni ikifika mitumbwi imepandishwa mchangani.

Kiasi nacho. Umesema giza zuri 300,000 na giza baya 200,000. Andika 200,000. Najua inauma, kwa sababu ukiandika 300,000 kwa magiza matatu deni linaisha Aprili na barua inapendeza. Lakini Machi na Aprili ni miezi ya mvua. Dagaa akinyeshewa mchangani au hata kichanjani anabadilika rangi, bei inaanguka, na mwaka huu Machi ina sikukuu ya Idi ndani yake. Ahadi ya barua inapimwa na giza baya. Giza zuri likija, lipa zaidi. Hakuna chuo kitakachokurudishia.

Magiza matatu kwa 200,000 ni 600,000. Inabaki 100,000. Hiyo tutaitoa kwenye dagaa wakavu utakaowaweka akiba mwishoni mwa Aprili na siku za mwanzo za Mei. Wakati ziwa limefungwa dagaa wanapungua sokoni, na mwenye gunia lililokauka sawasawa ndiye anayeuza. Awamu hiyo iweke tarehe 15 Juni, ambayo ni Jumatatu, wiki nne kamili kabla ya mtihani. Wiki nne hizo zina kazi: majina ya wanaoruhusiwa kufanya mtihani huandaliwa kabla, na malipo ya siku mbili kabla ya mtihani humwacha mtoto mlangoni mwa uhasibu na stakabadhi mkononi wakati wenzake wako chumbani.

Hesabu yote basi: 200,000 na 200,000 na 200,000 na 100,000, jumla 700,000. Hakikisha jumla inalingana na salio. Utashangaa barua ngapi nilizopokea ambazo awamu zake zikijumlishwa hazifiki deni, na hapo hapo mhasibu anaweka kalamu chini.

Tukija kwenye maneno, sitaitupa barua yako ya kwanza. Nitaichukua kipande kwa kipande, kwa sababu kila ulichosema kina nafasi yake ofisini, ila kwa sura nyingine.

Uliandika "unisaidie". Msaada ni neno pana mno. Mkuu anaweza kudhani unaomba kupunguziwa ada, jambo ambalo mara nyingi halimo katika uwezo wake, akakataa lote. Wewe unataka kibali. Kibali ni kitu ambacho Mkuu anaweza kukitoa kwa sahihi yake, kwa hiyo andika "naomba kibali cha kulipa". Usichanganye maombi mawili kwenye karatasi moja.

"Kidogo kidogo" inakuwa "kwa awamu nne". Mwaloni "kidogo kidogo" inatosha kwa sababu mnaonana kila asubuhi. Ofisini haina mwisho.

"Hali ni ngumu" iondoe kabisa, weka chanzo cha kipato chako. Na hapa uwe mwangalifu na neno giza. Wewe na mimi tukisema "giza zuri" tunaelewana. Tabora ni nchi ya tumbaku na asali. Mhasibu wa huko akisoma "nitalipa baada ya giza" atauliza giza gani, usiku wa leo? Mweleze mara moja: siku za mwezi ambazo usiku hauna mbalamwezi. Kiofisi ni pamoja na hilo, kulifungua neno la kazi yako kwa mtu asiyeifahamu.

"Baba yake alifariki" ibaki. Si ya kutafuta huruma, ni taarifa kwamba mlipaji ni mmoja. Sentensi moja, na nakala ya cheti cha kifo nyuma ya barua.

"Nitajitahidi" iwe "nitalipa". Kujitahidi hakuna safu yake kwenye daftari. Wala usiongeze "Mungu akipenda", ibaki moyoni, mama, hapo ndipo pake. Niliwahi kukaa kikao ambapo mjumbe mmoja aliisoma kama dalili kwamba mzazi ameshaandaa kisingizio. Ilinichukiza, lakini ndivyo alivyoisoma.

"Mungu atakulipa" inakuwa "Natanguliza shukrani". Ni baridi, najua.

Tena usimwite Mkuu wa Chuo "Mheshimiwa". Hilo tunawaachia wabunge, madiwani na mahakimu. Barua inaelekezwa kwenye cheo chake, bila jina, kwa sababu hata akihamishwa kesho barua iko palepale. Wala usirundike "kwa heshima na taadhima kubwa" kila aya. Heshima ya ofisi imo katika mpangilio. Utaona pia nimeanza na "Husika na somo tajwa hapo juu". Sentensi hiyo siipendi, haisemi lolote, ila ndiyo hodi ya ofisi za Tanzania, na aya ya pili ndiyo inayopewa namba ya kwanza kuandikwa. Hiyo "Yah:" ni kifupi cha yahusu.

Swali la lugha yenyewe lisikusumbue. Tangazo la chuo limekuja kwa Kiswahili na barua imerudi kwa maelezo ya Kiswahili, basi jibu kwa Kiswahili. Masomo kufundishwa kwa Kiingereza hakubadili lugha ya mzazi kuandikia ofisi ya serikali.

Barua yenyewe hii hapa. Penye nukta jaza mwenyewe. Kalamu inatosha kama mwandiko unasomeka.

Katonga,
S.L.P. ……,
KIGOMA.
Simu: ……
19 Januari 2026

Mkuu wa Chuo,
Chuo cha ……,
S.L.P. ……,
TABORA.

YAH: OMBI LA KULIPA SALIO LA ADA KWA AWAMU NNE – (JINA KAMILI LA MWANAFUNZI), NAMBA YA USAJILI ……

Husika na somo tajwa hapo juu.

2. Mimi ni mzazi wa mwanafunzi aliyetajwa, anayesoma Stashahada ya ……, mwaka wa pili. Ada ya mwaka wa masomo 2025/2026 ni shilingi 1,200,000. Hadi tarehe ya barua hii nimelipa shilingi 500,000, na salio ni shilingi 700,000.

3. Baba wa mwanafunzi alifariki mwaka ……, hivyo mimi ndiye mlipaji pekee wa ada. Kipato changu kinatokana na kununua, kukausha na kuuza dagaa wa Ziwa Tanganyika. Dagaa huvuliwa katika siku za mwezi ambazo usiku hauna mbalamwezi, kwa hiyo fedha hupatikana mara moja kwa mwezi, uvuvi wa siku hizo unapomalizika. Aidha, uvuvi unaweza kusimamishwa kuanzia katikati ya Mei kama ilivyokuwa mwaka 2024.

4. Kwa sababu hizo, naomba kibali cha kulipa salio kwa mpangilio ufuatao:

Awamu ya kwanza, 27 Februari 2026: shilingi 200,000
Awamu ya pili, 30 Machi 2026: shilingi 200,000
Awamu ya tatu, 27 Aprili 2026: shilingi 200,000
Awamu ya nne, 15 Juni 2026: shilingi 100,000
Jumla: shilingi 700,000

5. Awamu ya nne italipwa kutokana na dagaa wakavu watakaohifadhiwa kabla ya katikati ya Mei. Kwa mpangilio huu ada itakamilika wiki nne kabla ya mitihani ya muhula wa pili inayoanza tarehe 13 Julai 2026.

6. Naomba pia mwanafunzi aruhusiwe kusajiliwa kwa muhula wa pili, kuhudhuria masomo na kufanya majaribio yote ya ndani katika kipindi hicho, na Ofisi ya Uhasibu impatie namba ya malipo kwa kila awamu.

7. Nimeambatisha nakala za stakabadhi za malipo, cheti cha kifo na barua ya utambulisho ya Ofisa Mtendaji wa Kata.

8. Naomba kuwasilisha, na natanguliza shukrani.

(Sahihi)
(Jina kamili)
Mzazi

Nakala: Mhasibu wa Chuo
Mshauri wa Wanafunzi

Aya ya 6 usiifute hata ukibanwa na nafasi. Kibali cha awamu kinahusu fedha tu. Kama hakisemi lolote kuhusu majaribio ya ndani, kuna mwalimu atakayemtoa mtoto darasani mwezi wa Machi kwa sababu jina lake lina alama nyekundu, na alama za majaribio zinaingia kwenye matokeo ya mwisho. Ukilipa yote Juni, jaribio la Machi halirudi. Nimeona mwanafunzi aliyemaliza ada mapema lakini akarudia somo kwa sababu hiyo, na mama yake hakuelewa kamwe kosa lilikuwa wapi.

Utaona sikuweka "K.K.", yaani kupitia kwa. Mwanao angekuwa ndiye mwandishi angelazimika kupitia kwa mkuu wa idara yake au Mshauri wa Wanafunzi. Wewe mzazi huna mkubwa wa kumpitia pale chuoni, nakala zinatosha. Kuna watakaokwambia mwanafunzi ndiye aandike kwa sababu ni mtu mzima na deni lina jina lake. Ni kweli deni lina jina lake, lakini anayeahidi fedha awe ndiye anayezipata. Ila msomee mwanao barua yote kabla haijaondoka. Mshauri wa Wanafunzi anaweza kumwita amuulize fedha zinatoka wapi, na majibu yenu yakitofautiana mmejiharibia wenyewe.

Barua ya Mtendaji wa Kata iwe fupi: anakufahamu, unaishi Katonga, kazi yako ni hiyo. Usimwombe akuandikie kwamba wewe ni fukara. Unajenga hoja kwamba una kipato kinachokuja kwa vipindi, na karatasi inayosema huna kitu inaipinga hoja yako mwenyewe.

Huna haja ya kupanda treni. Tuma nakala mbili kwa mtu unayemwamini au kwa basi. Mwanao azipeleke masijala, moja ibaki, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, arudi nayo. Asimwachie barua mlinzi wala asimpe mwalimu rafiki "ampelekee Mkuu". Barua isiyopita masijala haina namba ya jalada, na isiyo na jalada haitafutiki. Baada ya siku kumi za kazi aende aulize kwa kuonyesha ule muhuri. Aulize jalada liko wapi, kwa Mkuu au uhasibu, kuliko kuuliza kama wamekubali. Swali la kwanza lina jibu, la pili huleta "njoo kesho".

Wakikubali, dai maandishi. Kuambiwa korido kwamba "mwambie mama asiwe na wasiwasi" si kibali, na kukaa kimya kwao pia si kibali. Inaweza kuwa barua kamili, au hata nakala ya barua yako yenye maneno ya Mkuu na sahihi yake pembeni. Soma tarehe walizokubali, maana mara nyingi hubadilisha. Wakivuta awamu ya nne hadi Mei, usinyamaze ukitumaini watasahau. Andika tena aya mbili tu, ukitaja kumbukumbu namba ya barua yao, useme kwa nini Mei haiwezekani na kwa nini tarehe 15 Juni bado iko kabla ya mtihani.

Na giza likiharibika kweli, pepo zimevuma wiki nzima na una 120,000 tu tarehe 27 Aprili, lipa hiyo 120,000 siku ile ile. Mwanao aombe namba ya malipo ya kiasi hicho, kisha apeleke barua yenye sentensi tatu: umelipa kiasi gani, pungufu ni 80,000, na utaiongeza kwenye awamu ya tarehe 15 Juni ili iwe 180,000. Ifike kabla ya tarehe uliyoahidi kupita, au siku yenyewe. Ikifika siku tano baadaye, mhasibu atakuwa ameshaandika pembeni ya jina la mwanao kwamba ahadi imevunjwa, na kulifuta neno hilo ni kazi kuliko kuliandika.